Kusoma matangazo ya washindani pamoja na yale yaliyozimwa mapema

Kuanzia Oktoba, msimu wa kupanda unapokaribia Nyanda za Juu Kusini, Facebook na Instagram hujaa matangazo ya miche ya parachichi. Wenye vitalu wa Tukuyu, Njombe na Mafinga wote wanawawania wakulima walewale wanaosubiri mvua za Novemba. Mwenye kitalu anayetaka kulipia tangazo kwa mara ya kwanza huanza kwa jambo linaloonekana la busara. Anafungua Maktaba ya Matangazo ya Meta, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kutazama matangazo ya Facebook na Instagram, anatafuta "miche ya parachichi", anachagua matangazo yaliyokaa hewani muda mrefu, kisha anatengeneza la kwake kwa kufuata mfano huo. Hoja yake ni kwamba kama lisingelipa, mwenyewe angeshalizima.

Hoja hiyo ni nusu tu ya habari. Kwa Tanzania, Maktaba huonyesha matangazo ya biashara yaliyo hewani wakati huohuo unapotazama. Tangazo lililozimwa jana kwa kukosa wateja halimo, hata kama lilifanana kabisa na lile unalolisifu leo. Mkulima wa Rungwe akikuonyesha miti yake 40 inayozaa, wewe mwenye kitalu utamuuliza alipanda miche mingapi, na iliyokufa ilikufa kwa nini. Ukiwa mbele ya Maktaba unapaswa kuuliza vilevile, ila huko hakuna wa kukujibu. Jibu utalijenga mwenyewe kwa kuandika jedwali wiki baada ya wiki. Unahitaji simu yenye kifurushi au kompyuta, pamoja na Google Sheets au Excel. Daftari la mistari pia linatosha kama una subira ya kuhesabu kwa mkono.

Hatua ya 1: Orodhesha kurasa, zikiwemo zisizo na tangazo leo

Andika majina ya kurasa nane hadi kumi za wauza miche utakaozifuatilia. Hapa ndipo wengi hupotea kabla hata hawajaanza, maana huchukua kurasa zile zilizojitokeza Maktabani siku hiyo. Kwa kufanya hivyo wanakuwa wamechagua wafanyabiashara ambao bado wana fedha na moyo wa kutangaza. Aliyetangaza mwaka jana akachoka hayumo, wala yule anayejaribu siku tatu na kupumzika wiki mbili.

Kusanya majina kutoka nje ya Maktaba. Vitalu vingi hupeleka miche Nane Nane, kwenye viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, na ukipita huko Agosti unaondoka na kadi na vipeperushi vya kutosha. Vibao vya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu vina majina. Magrupu ya WhatsApp ya wakulima wa parachichi yana mengine. Kwa kila jina tafuta ukurasa wake wa Facebook, uuandike hata kama leo hautangazi chochote. Orodha ikishakamilika usiibadilishe hadi mwisho wa zoezi.

Amua pia swali moja tu la kujibu. Mimi napendelea swali linaloweza kujibiwa kwa kutazama tangazo bila kubahatisha. Katika mwongozo huu tutatumia hili: kati ya tangazo la ushuhuda, yaani video ya mkulima aliyesimama kwenye mti uliozaa akieleza mapato yake, na tangazo la bei, yaani picha ya mche, bei yake, mahali kitalu kilipo na namba ya simu, lipi hudumu zaidi?

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, tenga matangazo ya zamani

Nenda facebook.com/ads/library, chagua nchi Tanzania, chagua `All ads`, kisha tafuta kila ukurasa kwa jina lake. Kila tangazo utakalokuta lina namba inayoitwa `Library ID` na tarehe iliyoandikwa `Started running on`. Hizo mbili ndizo zitakazobeba kazi nzima. Jedwali lako liwe na safu hizi: A namba ya tangazo, B ukurasa, C tarehe ya kuanza, D aina, E siku ya mwisho uliyoliona, F maelezo, G siku lilizodumu. Kila tangazo lipigie picha ya skrini papo hapo, kwa sababu likizimwa hutalipata tena kulitazama.

Matangazo utakayoyakuta siku hiyo ya kwanza yaandike, lakini yape alama ya "zamani" na usiyatie kwenye hesabu ya kudumu. Sababu yake ni hii. Tangazo lililoanza siku 50 zilizopita umelikuta kwa kuwa limevuka siku 50. Wenzake walioanza siku hiyohiyo wakazimwa baada ya siku nne huna namna ya kuwajua. Ukilihesabu, umerudisha kwenye jedwali lako kosa lilelile ulilotaka kulikimbia. Yanayohesabiwa ni yale tu ambayo tarehe yake ya kuanza inaangukia baada ya siku yako ya kwanza, kwa sababu hayo umeanza nayo pamoja.

Hatua ya 3: Rudi kwa siku zilezile

Chagua siku mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, na uzishike. Kila ukirudi fanya mambo mawili: ongeza matangazo mapya, na kwa yale uliyokwisha kuyaandika andika upya tarehe kwenye safu E kama bado yapo. Ambalo halipo liache na tarehe yake ya mwisho.

Kwa ratiba hiyo, tangazo lililodumu siku nne kamili au zaidi halikuponyoki. Lililowashwa Alhamisi jioni na kuzimwa Jumapili linaweza kupita bila wewe kuliona hata mara moja. Hayo ya siku mbili tatu ndiyo hasa yaliyoshindwa vibaya, kwa hiyo jedwali la mara mbili kwa wiki bado linawapendelea walionusurika, ingawa kidogo kuliko kutazama mara moja. Ukiweza, chukua wiki mbili katikati ya msimu uingie kila siku. Ukiona idadi ya matangazo mapya inapanda sana katika wiki hizo, ujue ratiba yako ya kawaida inakosa mengi, na kiwango cha kudumu utakachokipata kitakuwa kizuri kuliko hali halisi.

Nani atakaa kila siku na kazi hii wakati miche inadai maji? Ndiyo maana nasema kurasa kumi, si hamsini.

Kama unataka kuzoeza macho kabla msimu haujafika, tumia Maktaba hiyohiyo kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Kutokana na sheria iliyoanza kuyabana majukwaa makubwa Agosti 2023, matangazo yaliyoonyeshwa huko hubaki Maktabani kwa mwaka mmoja hata baada ya kuzimwa, na yanaonyesha yamewafikia watu wangapi. Chagua Hispania, nchi inayolima parachichi, andika `aguacate`, kisha kwenye kichujio cha hali ya tangazo chagua yasiyo hewani. Linganisha orodha hiyo na ya yaliyo hewani. Soko lao si letu na usichukue mbinu zao, ila utaona kwa macho yako jinsi orodha inavyobadilika sura yaliyoondolewa yakirudishwa.

Hatua ya 4: Kabla ya kuandika "limeshindwa", tafuta kilichoondoa tangazo

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Tangazo kutoweka hakumaanishi limeshindwa, na kubaki hakumaanishi linalipa. Maktaba haikuambii sababu, na kwa matangazo ya kawaida ya Tanzania haikuambii hata kiasi kilichotumika. Unachoweza kufanya ni kusoma dalili.

Tazama kwanza siku lilizodumu. Anayelipia chapisho kwa kubonyeza kitufe cha kulikuza kwenye ukurasa wake mara nyingi huchagua idadi ya siku tangu mwanzo. Ukiona ukurasa mmoja ambao matangazo yake karibu yote yanaisha siku ya 5 au ya 7, hapo hakuna aliyehukumu kitu. Muda uliolipiwa umekwisha. Yaandike "muda umeisha" kwenye safu F. Kwa swali letu hayo hayasemi lolote, na ni heri kuyatoa kuliko kuyahesabu kama vifo.

Kisha tazama kama yametoweka kwa pamoja. Matangazo yote ya ukurasa yakiondoka siku moja, ya video na ya picha, ya zamani na mapya, sababu iko kwenye akaunti na siyo kwenye tangazo: kadi imekataa, salio limekwisha, akaunti imefungiwa, au miche imeisha kitaluni. Lakini ukurasa ukiwasha matangazo sita siku moja, matano yakaondoka baada ya siku tatu au nne na moja likabaki, hapo kuna mtu aliyekuwa anapima. Dalili hiyo ina thamani kubwa, maana ndiyo mahali pekee ambapo unamwona aliyebaki akiwa pamoja na aliowashinda.

Angalia pia tangazo lililofufuka. Mwenye ukurasa akilinakili na kuliwasha upya linapata `Library ID` mpya na tarehe mpya. Ukifuata namba peke yake utaandika kifo kimoja na uzazi mmoja, wakati tangazo ni lilelile. Kila unapoandika jipya, linganisha na picha zako za skrini za ukurasa huo.

Msimu nao unaua. Mvua zetu zinakatika karibu na Aprili au Mei, ingawa Tukuyu hukawia zaidi, na anayepanda kwa kutegemea mvua hanunui tena mche. Tangazo lililoanza Novemba lina miezi kadhaa ya kudumu mbele yake, lakini la Machi halina. Linganisha yaliyoanza kipindi kimoja, usichanganye ya Novemba na ya Machi halafu ukadhani tofauti ni ya video.

Na upande wa waliobaki: tangazo linaloendelea miezi mitatu kwa fedha kidogo kwa siku laweza kuwa limesahauliwa tu. Taasisi yenye bajeti ya kujitangaza jina inaweza kuliacha tangazo lisiloleta hata mteja mmoja. Wao hawaendeshi kitalu kwa faida ya mauzo ya wiki hii, wewe unaendesha.

Hatua ya 5: Piga hesabu kuanzia walioanza

Weka kipimo kimoja cha kudumu. Siku 21 zinafaa, maana muuza miche wa kawaida haendelei wiki tatu kulipia kitu anachokitazama na kuona hakileti. Kwenye safu G weka `=E2-C2`, hamishia kando yale ya zamani, yaliyoisha muda na yaliyofungwa pamoja na akaunti, halafu hesabu. Matangazo yaliyoanza ndani ya siku 21 zilizopita yaache nje yote, yaliyo hewani na yaliyozimwa, kwa sababu kundi lao bado halijapewa nafasi ya kufika.

```
=COUNTIFS(D:D,"ushuhuda",G:G,">=21")
```

Sasa mfano. Namba hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, lakini sura yake utaikuta kwenye jedwali lolote la kweli. Tuseme baada ya wiki kumi, ukishatoa yale ya zamani, yaliyoisha muda na yaliyofungwa pamoja na akaunti, umebaki na matangazo 48 yaliyoanza mbele ya macho yako. Ya ushuhuda ni 36 na ya bei ni 12. Yaliyovuka siku 21 ni 9 ya ushuhuda na 6 ya bei.

Mtu anayefungua Maktaba leo anaona hayo 15 yaliyobaki. Tisa kati yake ni ushuhuda, kwa hiyo anaondoka akiamini video ya mkulima ndiyo inayouza miche. Wewe mwenye jedwali unaona kwamba ushuhuda ulianzishwa mara 36 ukadumu mara 9, yaani mmoja kati ya wanne, wakati tangazo la bei lilidumu nusu ya mara. Ushuhuda ni mwingi hewani kwa sababu watu wanauanzisha sana.

Usikimbilie kubadili upande, kwa maana hesabu haijaisha. Panga yale 36 kwa ukurasa. Tuseme unakuta 22 ni ya ukurasa mmoja mkubwa, unaowasha matangazo sita au saba kwa mkupuo na kuzima karibu yote ndani ya wiki. Kati ya 22 yamebaki 3. Yaliyosalia 14 ni ya kurasa nyingine, na 6 yamedumu. Sita kati ya 14 na sita kati ya 12 ni karibu kitu kimoja. Tangazo moja tu likibadilika, tofauti inaweza kugeuka. Kwa hiyo jibu la swali lako, kwa wenye vitalu wa kawaida, ni kwamba jedwali halionyeshi kuwa aina moja inaishinda nyingine.

Ila umepata kitu kizuri kuliko jibu hilo. Yale matatu ya ukurasa mkubwa, ambayo pengine ndiyo yaliyokuvutia zaidi, yamechujwa kutoka 22. Ukitengeneza moja linalofanana nayo, hufuati njia waliyopita wao, kwani wao walilipia na yale 19 mengine. Mwenye ukurasa huo pia ni mkali zaidi katika kuzima, kwa hiyo kiwango chake kidogo cha kudumu si dalili ya udhaifu. Kurasa zinazodumisha karibu nusu ya matangazo yake huenda hazitazami matokeo kabisa. Ndiyo maana kiwango cha kudumu kilinganishwe ndani ya ukurasa mmoja kwanza, kisha baina ya kurasa. Kama kwenye ukurasa huo mkubwa tangazo linalotaja kituo cha kuchukulia miche hubaki mara kwa mara huku lisilotaja likizimwa, mkupuo baada ya mkupuo, hilo ndilo la kuiga kabla ya mengine.

Hatua ya 6: Tumia jedwali kupanga fedha yako

Kwa kurasa za kawaida kwenye mfano wetu, matangazo yaliyoanza ni 26 na yaliyodumu ni 12, chini kidogo ya nusu. Ukichukulia hicho kama kipimo cha kuanzia, tangazo moja pekee lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuzimwa kuliko kudumu. Ukiandaa matatu yanayotofautiana kweli, uwezekano wa angalau moja kudumu unafika kama asilimia 84. Matatu yanayofanana kama mapacha hayakupi hiyo nafasi, kwa sababu yataanguka pamoja. Gawa fedha uliyotaka kuweka kwenye tangazo moja, uanze na matatu.

Kabla ya kuwasha, andika sharti la kuzima. Tuseme kila mche unakuachia faida ya shilingi 1,000, mnunuzi wa kawaida anachukua miche 50, na katika watu kumi wanaokuandikia WhatsApp mmoja ananunua. Kwa hiyo kila anayekuandikia ana thamani ya shilingi 5,000 kwako, na ukimpata kwa gharama inayozidi hapo unapata hasara. Tangazo lililotumia shilingi 20,000 likaleta watu wawili, zima. Lililoleta wanne linarudisha gharama tu, lipe siku kadhaa zaidi. Usihukumu kwa siku ya kwanza: mfumo wa Meta wenyewe unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki kabla haujatulia, na kwa bajeti ya kitalu kidogo huenda usifike huko kabisa, kwa hiyo matokeo yatayumba siku hadi siku.

Tangazo lililoshindwa lizime, usilifute. Kwenye Ads Manager, sehemu ya Meta unakosimamia matangazo yako, lililozimwa linabaki na takwimu zake zote, ila chagua kipindi cha `Maximum`, vinginevyo utaona ya siku za karibuni peke yake na ya msimu uliopita yatakuwa yamefichwa. Pakua orodha nzima mwisho wa msimu, pamoja na safu ya `Amount spent`, uiweke kwenye jedwali lako karibu na ya washindani. Hapa una kitu ambacho Maktaba haitakupa kamwe: unajua kila lililozimwa liligharimu kiasi gani, na lilizimwa kwa nini. Andika sababu hiyo siku ileile unayozima, kwa maneno machache: "wengi waliuliza usafiri hadi Mbarali, hatuna", au "watazamaji wengi wa Dar, hawana shamba". Ukisubiri hadi Juni, yote utayaita "halikufanya vizuri".